Mradi wa monita: HDR kwenye Windows 11, rangi ziache kupauka

Kebo na draiva zilishakaa sawa, monita ni ya daraja la DisplayHDR 600, kilichobaki ni rangi zenyewe maana ukiwasha `Use HDR` tu kila kitu kinapauka na nyeusi inakuwa kijivu. Nimeanzia kwenye menyu ya monita, vile vibonye vya chini, nikawasha `Local Dimming`. Bila hiyo taa ya nyuma inapanda yote kwa pamoja hata penye giza, na hapo hakuna setingi ya gemu itakayokurudishia weusi.

Upande wa Windows nimeshusha `SDR content brightness` mpaka kurasa nyeupe za brausa zikaacha kuumiza macho, slaida hiyo inagusa vitu vya kawaida tu, yaani vya SDR visivyo na HDR, gemu la HDR haliguswi. Vivuli bado viko juu kidogo, hiyo ni kwa sababu Windows inachora vitu vya SDR kwa mkunjo wa sRGB wakati monita nyingi zimezoea gama 2.2, kwa hiyo giza linatoka jepesi. Sihangaiki nalo, nikimaliza kucheza nabonyeza Win + Alt + B HDR inazimika.

Halafu nikafungua ile app ya Windows HDR Calibration, unasogeza slaida mpaka mchoro wa katikati usionekane tena, kwangu ule wa mwangaza wa juu umepotea karibu na niti 600, niti ikiwa kipimo cha mwangaza. Namba hii iandike mahali, ndo utaipeleka kwenye gemu.

Sasa gemu, na hapa ndo penye kazi hasa. `Max Brightness` ilikuwa 1000, yaani gemu linatuma mwangaza ambao monita yangu haiufikii, basi inakata, mawingu karibu na jua yakawa doa jeupe tupu. Nimeweka 600 mawingu yakarudi. Ila kupauka kwenyewe kulikuwa kwenye `Paper White`, ilikaa 300. Hiyo ndo inaamua nyeupe ya kawaida ing'ae kiasi gani, ukuta, shati, karatasi, na kama ukuta uko 300 na taa mwisho wake 600 basi taa inauzidi ukuta mara mbili tu, picha yote inakaa bapa kama ina ukungu. Nimeshusha mpaka 200, karibu na 203 ambayo ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wanaipendekeza kwa nyeupe ya kawaida, na sasa taa ina mara tatu ya ukuta, ngozi za watu zimepata rangi, neoni zinawaka kweli.

Ukitaka kupima, simama ndani ya jengo lenye dirisha mchana: uone kona za chumba na nje pia uone anga. Usipime kwa picha za skrini, ukizifungua kama SDR zinaweza kupauka hata kama gemu liko sawa.

Kilichobaki ni maandishi meupe usiku, yanazungukwa na mwanga hafifu kwa sababu kanda za taa ya nyuma ni chache, nitajaribu `Local Dimming` ngazi ya kati nione kama unapungua bila weusi kupotea.