Shingo yangu haikuwa na uchafu

Mimi ni fundi cherehani, Mtwara mjini. Kwa zaidi ya mwaka shingo yangu ilikuwa nyeusi, na watu walinitazama kama mtu asiyejua kuoga, na hilo liliniuma sana.

Shangazi yangu wa Newala alinipa dawa: ndimu na magadi, nisugue kwa dodoki kila jioni. Nilisugua wiki tatu. Ngozi ikawaka, ikachubuka, nikashindwa hata kuvaa kanga shingoni. Ilipopona, pale palipochubuka pakawa peusi kuliko mwanzo. Ngozi yetu ikiumizwa ndivyo inavyojibu. Kidogo ninunue krimu ya kujichubua, nashukuru pesa haikutosha.

Aliyenifungua macho ni muuguzi aliyeleta kitenge kushonwa. Aliomba pamba na spiriti, akanifuta kisogoni kwa nguvu. Pamba ikabaki nyeupe. "Dada, ingekuwa taka iliyogandamana ingetoka humu," akasema. Kisha akaniambia nipitishe kidole. Mimi nashona mahameli, nilijua mara moja: ngozi ilikuwa nene, laini, yenye mistari midogo midogo. Makwapani hivyo hivyo. Viwiko vyangu vilikuwa vyeusi pia, lakini vikavu na vigumu, maana naviegemeza mezani kutwa nzima. Hivyo ni msuguano tu, sawa na magoti ya mtu anayepiga magoti sana.

Akanieleza kwamba mwili ukiacha kuisikia vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, kongosho hutoa nyingi zaidi. Ile iliyozidi huchochea chembe za ngozi kuzaana, na ngozi hunenepa na kuwa nyeusi kwenye mikunjo. Aliniuliza kama hedhi inaruka miezi, na kama nyumbani kuna mwenye kisukari. Mama anacho.

Nilienda kupima sukari asubuhi bila kula: 6.5. Kisukari huanzia 7.0, kwa hiyo nilikuwa mlangoni. Daktari akaniambia neno ambalo wengi hawaambiwi: hata sukari ikitoka sawa, shingo ya namna hii bado inatosha kukufanya urudi kupima, kwa sababu insulini hupanda miaka mingi kabla ya sukari.

Soda niliacha kabisa, wali wa usiku nikaupunguza nusu, na jioni natembea hadi ufukweni Shangani na kurudi. Kwa miezi minane kilo 91 zikawa 84, sukari ikashuka hadi 5.5. Shingo imelainika na kufifia, ingawa mistari ipo.

Daktari alinionya pia kuhusu weusi wa aina hii unaotokea ghafla kwa mtu mzima anayekonda bila sababu, hasa ukifika midomoni au viganjani. Huyo asingoje, awahi hospitali, kwa sababu mara nyingine ni saratani ya tumboni.

Viwiko navipaka mafuta ya nazi, na mezani nimetandika kitambaa nilichokunja mara nne.