Barua tano badala ya kumi na nane: nilivyopanga vikumbusho vya msimu wa sikukuu

Msimu uliopita nilifuata ushauri ambao bado unanikera nikiukumbuka. Ninauza kalenda na shajara kwa mtandao, na karibu mauzo yote ya mwaka hutoka katika wiki nne za kabla ya sikukuu. Bwana mmoja anayejiita mtaalamu wa masoko aliniambia nitume barua pepe tisa ndani ya siku 24, kisha kila barua niitume tena baada ya siku mbili kwa wale ambao hawakuifungua, nikiibadilisha mada tu. Nikafanya hivyo. Kwenye orodha yangu ya watu 11,000 walijiondoa zaidi ya 400, na wengine, jambo lililoniumiza zaidi, wakabonyeza kitufe cha barua taka.

Siku tano kabla ya sikukuu nilipata jibu kutoka kwa mteja wangu wa miaka mingi. Aliandika: "Nimeshanunua. Nimezisoma barua zako zote, kila moja mara mbili. Kuna kosa gani nililofanya?" Nikafungua kumbukumbu zake kwenye programu ninayotumia kutuma barua. Kweli, barua ya tatu alikuwa amebofya kiungo na kuagiza, lakini mbele ya jina lake paliandikwa kwamba hajafungua barua hata moja.

Nilikaa na jambo hilo usiku kucha mpaka nikalielewa. Programu hujua kwamba barua imefunguliwa kwa sababu ndani yake kuna picha ndogo isiyoonekana, na picha hiyo inapopakuliwa hesabu inaandikwa. Mtu aliyezuia picha kwenye barua pepe zake anasoma kila neno na bado anahesabiwa kuwa hajafungua. Huku upande wa pili, tangu mwaka 2021 programu ya barua pepe ya Apple inaweza kupakua picha hizo yenyewe kwa mtu aliyewasha ulinzi wa faragha, hata kama hajaigusa barua. Kwa hiyo ile njia ya kutuma tena iliwapiga watu wasio wao: wasomaji waangalifu walipata barua 18, na wengi ambao hawakuona chochote wakahesabiwa kuwa wamesoma. Tangu siku hiyo sipimi tena kwa kufungua. Ninaangalia kubofya, kuagiza, kujiondoa, na malalamiko ya barua taka.

Hayo malalamiko si jambo dogo. Tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma barua nyingi, yaani kuanzia 5,000 hivi kwa siku kwenda kwenye akaunti zake, wahakikishe malalamiko hayafiki asilimia 0.3, na inashauri yabaki chini ya 0.1. Kwangu watu wa Gmail ni kama 6,000. Ukipiga hesabu, barua zote zikiingia kwenye kikasha, watu 18 tu waliochoka wanatosha kunifikisha kwenye mpaka huo, na barua zangu zikaanza kutupwa kwenye taka katika wiki ileile ninayozitegemea. Takwimu hizo huonekana kwenye Postmaster Tools ya Google, na mimi siku hizi huzitazama kila asubuhi ya msimu.

Mwaka huu nilianza upya, na sikuanza na kalenda ya kutuma. Nilianza na siku ya mwisho ambayo mtu anaweza kuagiza na mzigo ukamfikia kabla ya sikukuu. Siku hiyo niliiita sifuri. Kisha nikachukua maagizo yote ya msimu uliopita na kuyapanga kwa idadi ya siku kabla ya sifuri. Picha iliyotokea ilinishangaza: palikuwa na vilima viwili. Kimoja kati ya siku ya 20 na ya 15, watu wanaopenda kumaliza mambo mapema, na kingine siku nne za mwisho. Katikati palikuwa bonde, na katika bonde hilo mimi nilikuwa nimetuma barua nne, mbali na zile za kurudia. Nilikuwa nikiwachosha watu siku ambazo hawakuwa na nia ya kununua.

Kwa hiyo nilibakiza barua tano: siku ya 26 ya kutangaza, siku ya 18, siku ya 8, siku ya 3, na siku ya 1. Ile ya mwisho haikwenda kwa kila mtu. Walioipata ni wale tu waliobofya mojawapo ya zilizotangulia na hawajaagiza, watu mia saba na kitu. Aliyenunua alitoka kwenye vikumbusho vyote saa ileile. Hili la mwisho lilinigharimu jioni mbili, kwa sababu duka na programu ya barua zilikuwa zinaongea mara moja tu kwa siku, na mtu aliyenunua asubuhi angeweza kukumbushwa jioni kununua alichokwisha kununua.

Jambo ambalo karibu lilinipita ni barua nyingine. Nilikuwa nahesabu tano, lakini msomaji hahesabu hivyo. Yeye anaona jina langu kwenye kikasha chake: jarida la kila wiki, kikumbusho cha kapu la manunuzi lililoachwa bila kulipiwa, ombi la maoni baada ya kununua. Nilimchagua mtu mmoja kwenye orodha nikahesabu kila kitu ambacho angepata, nikafika 13. Nikasimamisha jarida kwa wiki nne na kusogeza maombi ya maoni hadi baada ya sikukuu. Kikumbusho cha kapu nilikiacha, lakini nikaweka kizuizi kwamba asipate mtu barua mbili za kuuza ndani ya saa 24, ziwe za aina gani. Ukipanga msimu wako, fanya zoezi hilo la mtu mmoja kabla ya jingine lolote.

Sasa nije kwenye kitu ninachojivunia kuliko vyote. Kwenye barua ya kwanza, juu kabisa kabla ya picha, niliandika: "Hutaki habari za sikukuu mwaka huu? Bofya hapa, tutakaa kimya mpaka ipite, na utabaki kwenye orodha." Kiungo cha kujiondoa kabisa kilibaki mahali pake. Kuna watu wasiosherehekea sikukuu hiyo, kuna waliofiwa, kuna waliokwisha kununua kwingine. Kabla ya hapo nilikuwa nimewaachia njia mbili tu, kuvumilia au kuondoka.

Jaribio la kwanza liliharibika vibaya. Nilituma kwa watu 1,000 kwanza, na ndani ya dakika mbili watu 40 walikuwa wameomba mapumziko. Nilikata tamaa, nikadhani nimewakumbusha watu kuchoka. Halafu nikaona kwamba karibu wote ni anwani za maofisini, tena kutoka ofisi chache zilezile, na wamebofya kila kiungo kwenye barua katika sekunde ileile. Hakuna binadamu anayefanya hivyo. Ilikuwa mitambo ya usalama ya ofisi hizo, ambayo hufungua viungo kukagua kama vina hatari kabla barua haijamfikia mwenyewe. Kiungo changu kilikuwa kinampumzisha mtu mara tu kinapofunguliwa. Nikakibadilisha: sasa kinafungua ukurasa wenye kitufe kimoja, na mtu anapumzishwa akikibonyeza. Wale 40 niliwarudisha, na waliobonyeza kwa mkono wao mwisho wa msimu walikuwa 210 hivi.

Kuhusu saa za kutuma, ushauri wa "Jumanne saa 4 asubuhi" sikuufuata tena. Niliangalia saa ambazo watu wangu hulipa, na kwangu ni kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Mchana wanabofya na kuangalia, usiku wanalipa. Basi barua za siku ya 18, ya 8 na ya 3 nilizituma saa 1 na dakika 17 jioni. Hizo dakika 17 zina sababu: watumaji wengi hupanga saa kamili, mitambo inapokea mafuriko kwa pamoja, na barua yako inakaa kwenye foleni au inazikwa chini ya nyingine ishirini. Barua ya siku ya 1 ilikwenda asubuhi, kwa kuwa mtu anayeharakishwa anahitaji siku nzima mbele yake. Ukimpelekea jioni na yuko safarini, umempa wasiwasi tu.

Nilitumia pia mpango wa kutuma kwa saa za mahali alipo mpokeaji, na hapo kuna mtego. Barua inamfikia aliye mashariki masaa mengi kabla ya aliye magharibi, lakini duka linafunga maagizo kwa saa moja tu. Msimu uliopita niliandika "zimebaki saa 12", na kuna watu walioisoma zikiwa zimebaki mbili. Mwaka huu niliandika siku, tarehe na saa ya kufunga, pamoja na kueleza ni saa za wapi. Neno "leo" nililifuta kila mahali, maana wengine husoma barua kesho yake.

Barua ya siku ya 8 ilikuwa na mashaka tangu mwanzo, kwa sababu imekaa kwenye lile bonde. Niliigawa orodha nusu kwa nusu bila kuchagua, nusu wakaipata, nusu hawakuipata. Waliopata waliagiza zaidi kwa siku mbili, nikafurahi. Lakini nilipohesabu msimu wote hadi sifuri, pande zote mbili zililingana karibu sawa. Wale wa upande wa pili walinunua siku za mwisho. Barua iliharakisha maagizo, haikuyaongeza, na upande ulioipata ndio uliotoa wengi wa waliojiondoa. Nisingesubiri hadi mwisho ningeisifia bure. Kwa mwenye kufungasha mizigo peke yake, kuharakisha kuna faida yake, kwa hiyo mwakani nitaiachia wale tu waliobofya siku ya 18.

Mauzo ya msimu yalipita kidogo yale ya mwaka uliotangulia, na waliojiondoa hawakufika 90. Yule mteja aliyeniandikia msimu uliopita alipata barua mbili, akaagiza siku ya 17, na baada ya hapo hakusikia kitu kutoka kwangu mpaka jarida la kwanza la mwaka mpya, ambalo wale 210 nao walilipata siku hiyohiyo.