Siku moja saiti: sakafu tumepandisha sentimita 60, sasa Bibi ataingiaje ndani

Saa 12 asubuhi niko saiti, Bonde la Mpunga huku Msasani. Chai baadaye, kwanza naingia sebuleni na kipande cha nondo ya milimita 12 nakichomeka kwenye kifusi kwa mkono. Jana jioni tulimwagia maji tukashindilia, kikilala usiku ndo unajua ukweli. Katikati nondo inagoma kabisa, safi, ila kwenye kona ya karibu na dirisha inazama kama kwenye maji vile, maana yake vijana walimwaga tabaka nene wakapiga juu juu. Kifusi kinapigwa kila sentimita 15, ukimwaga 30 kwa mkupuo juu inakuwa ngumu chini ni unga, na miezi sita mbele taili zinaanza kulia ukikanyaga. Hiyo kona inafukuliwa leo leo.

Niwaeleze nyumba yenyewe. Ni ya zamani, ya chini, masika ya 2024 maji yaliingia ndani na alama yake bado ipo ukutani, mstari wa kahawia sentimita 30 juu ya sakafu ya zamani. Hiyo alama nimeichukua chumba cha ndani, sio ukuta wa nje, kwa sababu nje magari yakipita kwenye maji yanatupa wimbi na doa linapanda kuliko maji yalivyokuwa kweli. Juu ya alama tukaongeza sentimita 30 za usalama, kwa hiyo sakafu mpya iko sentimita 60 juu ya ile ya zamani. Kuta zilishaongezwa kozi tatu na linta mpya ishamwagwa kabla paa halijarudi, usipofanya hivyo mlango wa mita 2 na sentimita 10 unabaki mita moja na nusu na watu wanaingia wameinama. Sakafu ya zamani tuliitoboa toboa ili maji yakipenya yasituame katikati ya sakafu mbili, na kuta kwa ndani tumepaka lami mpaka usawa wa jamvi jipya, maana kifusi sasa kiko juu ya ile nailoni ya zamani ya kuzuia unyevu, ukikiacha kigusane na tofali tupu chumvi itapanda na rangi itamenyuka kila mwaka.

Hayo ya ndani wengi wanayajua. Kinachosahaulika ni mlango. Sakafu ya zamani ilikuwa sentimita 15 juu ya uwanja, ngazi moja tu, ongeza 60 unapata 75. Na humu ndani yuko Bibi, mama mzazi wa mwenye nyumba, anatumia wilichea.

Saa 2. Vijana wamefika, wawili kwenye kona ya sebule, wengine kwenye nondo za rampu. Mwenye nyumba kapiga simu kutoka kazini, anauliza kwa nini tusipandishe sakafu hata mita moja tu tumalize habari ya mafuriko. Nikamwambia boss, kila sentimita 10 unayopandisha inakula mita moja na sentimita 20 za rampu, kwa sababu mteremko wa wilichea ni moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo 75 toka uwanjani ni mita 9, na ukipandisha sakafu mita nzima inakuwa 115 toka uwanjani, rampu ya mita 13 na sentimita 80, na pale kati ya mlango na geti una mita 8 basi. Akanyamaza kidogo. Ndo maana mi nasema urefu wa sakafu na rampu vinapangwa siku moja kwenye karatasi moja, sio unapandisha kwanza afu rampu itajijua yenyewe, matokeo yake tunayaona mtaani, mlima wa mita tatu ambao kijana mwenye nguvu anasukuma mgonjwa huku kiti kinataka kumpindukia kwa nyuma.

Sasa hata mita 9 hatuna, na kuna sehemu ya kusimama juu na chini, kila moja mita moja na nusu, jumla 12. Tungeweza kuikunja ipite ubavuni, ila ubavuni kuna mita moja na nusu tu hadi ukuta wa jirani na ndo njia pekee ya maji kutoka mbele kwenda mtaro wa nyuma. Ukiziba pale umejenga bwawa.

Tulichofanya ni kuacha kuanzia chini. Barabara ya mtaa imemwagwa kifusi na kuchongwa miaka mingi mpaka imepanda, nilipopima kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoona ndani, nikakuta kizingiti cha geti dogo kiko sentimita 35 juu ya uwanja. Yani mtu anatoka barabarani anashuka 35 uwanjani afu anapanda 75 mlangoni, ya nini? Rampu inaanzia pale pale getini, inapita juu ya uwanja kama daraja mpaka mlangoni. Kutoka 35 hadi 75 ni kupanda 40 tu, sawa na mita 4 na sentimita 80. Weka sehemu ya kusimama getini mita moja na nusu na ya mlangoni mita moja na nusu, jumla mita 7 na sentimita 80, kwenye nafasi ya mita 8. Imeingia.

Na faida yake nyingine, maji ya 2024 yalifika sentimita 45 toka uwanjani, kwa hiyo yakirudi vile vile pale getini yatakuwa sentimita 10 tu, yanaishia mita moja na sentimita 20 za kwanza za mteremko na njia iliyobaki iko kavu, Bibi anatolewa nje bila kubebwa mgongoni. Kwa rampu ya kuanzia uwanjani angeanza safari ndani ya maji ya magotini.

Saa 4. Jirani kasimama ukutani, mzee wa heshima, nikamwamkia, akaitikia, afu akanieleza wazi kwamba kila mtu akipandisha huku maji yanahamia kwake. Ana haki kabisa. Nikamkaribisha aone, uwanja wetu hatujaujaza hata tripu moja, kifusi chote kiko ndani ya kuta za nyumba, maji yaliyokuwa yanakaa uwanjani yataendelea kukaa pale pale. Akauliza na hilo daraja lenu je, si ukuta? Hapo nikampeleka kwenye matundu.

Rampu ina kuta mbili za tofali za inchi sita, na kwenye kila ukuta tumeacha nafasi tatu za sentimita 60, zinaangaliana, maji yanapita toka upande huu kwenda ule. Watu wengi huwa wanalaza bomba la inchi nne wanaona wameacha njia, bomba hilo chupa mbili za maji na mfuko wa chipsi vinatosha kuliziba, na ukishaona tope limejipanga upande mmoja wa rampu na mwingine mkavu ujue limeshaziba. Nafasi ya sentimita 60 unaingiza koleo unasafisha. Hata ile ya karibu na geti, ambayo ni fupi kwa sababu rampu pale iko chini, ukitoa unene wa zege sentimita 12 inabaki 23, koleo linapita. Katikati ya zile nafasi ndo tumejaza kifusi na kushindilia, juu ya nafasi ni zege lenye nondo. Mzee akainama akachungulia, akasema basi hiyo ya mwisho isogezeni kidogo iangalie mtaro wangu moja kwa moja. Tukaisogeza, ni tofali chache.

Saa 5 na nusu Bibi katolewa nje, kiti chake tumekiweka kivulini. Shikamoo Bibi, marahaba baba, mnanijengea ngazi? Nikamwambia hapana, barabara yako. Akaangalia kamba tulizovuta afu akauliza swali ambalo wasomi wa ramani huwa hawaulizi, nikifika pale juu mlango umefungwa, kiti kitarudi nyuma wakati nagonga? Ndo kazi ya ile sehemu tambarare ya mlangoni. Ni mita moja na nusu kwa moja na nusu, kiti kinasimama chenyewe na kinageuka, mlango unafungukia ndani ili usimsukume. Ina mwelekeo kidogo sana wa kutoa maji nje, sentimita 2 kwa urefu wote, na inaishia sentimita moja chini ya taili za ndani. Kale kakizingiti ka zege wanakoweka mafundi mlangoni eti kuzuia mvua nimekakataa, gurudumu la mbele la wilichea ni dogo linakwama hapo. Mvua tunaizuia kwa kutoa paa mbele mita moja na nusu.

Saa 7 tunamwaga. Mifuko 8 ya saruji, uwiano moja mbili nne, na nasimamia maji mwenyewe maana vijana wanapenda zege la kumiminika, kwenye mteremko zege jepesi linatambaa lote linaenda chini, unabaki na kitumbo getini. Tunaanza kumwaga chini tunapanda. Upande wa ukuta wa nyumba tumeweka nailoni katikati ili rampu isishikane na ukuta, la sivyo unyevu wa kifusi cha rampu unaingia ndani na rampu ikikaa kidogo inaupasua.

Mteremko tunaupima kwa ubao wa sentimita 120, mwisho mmoja kwa chini tumepigilia kipande cha sentimita 10. Kile kipande kinakaa upande wa chini wa rampu, pimamaji juu ya ubao, povu likikaa katikati basi ni moja kwa kumi na mbili, hamna hesabu. Kila mita tunapima. Sehemu moja povu likakimbilia upande wa juu, maana yake kumepanda kwa kasi, tukakwangua kabla halijashika.

Saa 10 jioni tunalipitishia ufagio mgumu, mistari ya kukata njia, sio ya kufuata mteremko, gurudumu lipate kushika siku ya mvua. Pembeni pande zote mbili tunainua ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke, na tumeshaacha vyuma vya kushikilia reli ya sentimita 90. Kwenye sehemu ya mlangoni, ubavuni, kuna ngazi tano za sentimita 15 za kushuka uwanjani kwa wenye miguu yao. Jikoni nyuma hivyo hivyo tano, ila zinashuka sambamba na ukuta kwa sababu ya nafasi.

Saa 11 fundi mabomba kaja kuangalia choo. Chemba ya nje mfuniko wake bado uko chini usawa wa uwanja, nimemwambia aupandishe kozi mbili na nusu, uvuke alama ya mafuriko, choo kimeinuka na sakafu ndio lakini maji yakiingia kwenye chemba yatajaza septiki na choo kitagoma kushuka vile vile.

Saa 12 jioni tumefunika zege na magunia, yanalowanishwa asubuhi na jioni kwa siku saba, na mbao za chini ya zile nafasi hazitoki kabla ya hapo. Kwa wiki hiyo Bibi anatumia mlango wa nyuma, vijana wawili wanambeba na kiti chake kwenye ngazi tano, na mwenye nyumba nimemtumia vipimo vya reli akachomeleshe.