Mkanda wa kijivu kati ya projekta mbili: jinsi nilivyouondoa

Projekta mbili za 1920×1080 zilisimama bega kwa bega ukumbini, picha zao zikipandana kwa pikseli 384, yaani asilimia 20 ya upana wa kila moja. Picha nzima ikawa na upana wa pikseli 3456. Mistari ya gridi ilikaa sawasawa juu ya mistari, na picha angavu zilipendeza. Lakini kila video ilipoingia giza, mkanda wa kijivu ulijitokeza katikati.

Nilirusha kwanza kijivu cha asilimia 50. Mkanda haukuonekana, kwa hiyo gama ya kufifisha kingo, yaani jinsi mwanga wa kila picha unavyopungua kuelekea ukingoni, ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa weusi wenyewe. Projekta inapoonyesha nyeusi bado huvujisha mwanga kidogo, na pale picha zinapopandana uvujaji huo ni maradufu. Kufifisha kingo hakusaidii, kwani nyeusi haina cha kupunguzwa.

Projekta zilipokwisha kupata moto, nilizima taa zote, nikarusha nyeusi tupu na kusubiri macho yazoee giza. Kwenye menyu ya kuunganisha kingo nikapandisha kiwango cha weusi nje ya mkanda, hatua moja moja, hadi pande zote zikalingana. Upande wa kushoto ulielekea ukijani, nikaupunguza kijani. Mpaka wa eneo nililolipandisha nao ulitaka kusogezwa pikseli chache, la sivyo hubaki uzi mwembamba unaong'aa.

Weusi wote hupauka kidogo. Kwa ukumbi wenye taa za jukwaa naukubali bila kusita. Kwa sinema ya gizani ningetafuta projekta zenye weusi mzito zaidi.