Siku moja maishani mwangu: mtunza picha wa chumba cha habari

Natunza picha kwenye chumba cha habari Dar es Salaam. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani nachagua picha za ukurasa wa mbele, lakini hiyo ni kazi ya mhariri wa picha. Mimi nalinda faili mama, yaani faili kama ilivyotoka kwenye kamera, na naandika kila kitu kilichofanywa juu yake hadi picha inapomfikia msomaji. Kazi ikienda sawa hakuna anayejua kwamba nipo.

Saa 12:30 asubuhi

Kadi za kamera za jana usiku na za alfajiri ziko mezani kwenye bahasha, kila moja na jina la mpiga picha. Kabla sijaichomeka kadi nasukuma kile kitufe cha pembeni kiende upande wa kufunga, ili kompyuta iweze kusoma tu na isiandike chochote. Nanakili kila kitu kwenye diski mbili tofauti. Siifungui picha hata moja kwenye programu ya kuhariri kabla ya hapo, kwa sababu zipo programu zinazoandika ndani ya faili bila kukuuliza.

Kisha natengeneza hashi, ambayo ndiyo alama ya vidole ya faili. Ni herufi na tarakimu 64 zinazotokana na kila baiti iliyomo. Ukibadilisha piseli moja, au ukiongeza neno moja kwenye metadata, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, hashi inageuka yote.

```
sha256sum *.NEF > ~/hashi.txt
sha256sum -c hashi.txt
```

Amri ya kwanza naipa kwenye kadi; orodha yake inaandikwa kwenye kompyuta, maana kadi imefungwa, kisha nainakili kwenye diski zote mbili. Ya pili naipa kwenye kila diski. Kila mstari ukijibu `OK`, nakala ni sawa na kadi. Mstari mmoja ukisema `FAILED`, nanakili upya, na kadi haifutwi mpaka diski zote mbili zikubali. Baada ya hapo folda la faili mama nalifunga lisiandikike. Maelezo ya picha, jina la mpiga picha na mahali vinaingia kwenye faili dogo la pembeni la `.xmp`. Faili mama halipokei hata herufi moja.

Leo saa ya kamera moja iko nyuma kwa dakika 7. Sirekebishi ndani ya faili. Naandika kwenye daftari: kamera ya pili, ongeza dakika 7. Wapiga picha wetu wamezoea kupiga picha moja ya saa ya kompyuta kabla ya kutoka, na hiyo picha ndiyo inayonipa tofauti.

Saa 2 hadi saa 5 asubuhi

Maelezo ya picha, majina, mahali, na tena maelezo ya picha.

Katikati ya hayo daftari la marekebisho linajaa. Kila nakala inayotoka kwa mhariri ina mstari wake: imetoka faili gani, imekuwa faili gani, nani kaigusa, saa ngapi, kwa programu gani na toleo gani, amefanya nini, sehemu gani ya picha. "Imeboreshwa" sipokei, maana neno hilo halimwambii mtu chochote. Napokea "kivuli cha uso upande wa kushoto kimeongezwa mwanga, imekatwa juu". Mwanga, rangi na kukata vinaandikwa daftarini tu, havihitaji lebo kwa msomaji, ilimradi kukata hakukumwondoa mtu ambaye habari inamhusu.

Saa 6:35 mchana

Hapa ndipo siku ilipoharibika.

Napitia ukurasa wetu wa mtandao wa kijamii, kama ninavyofanya kila mchana, naona picha ya foleni ya kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Habari inasema abiria wamesongamana. Picha imelala, na upande wa kulia watu wamejaa hadi ukingoni. Faili mama nililoingiza asubuhi lilikuwa limesimama, piseli 4,000 kwa 6,000, na upande wake wa kulia ulikuwa unaishia kwenye nguzo ya gati.

Naomba faili. Linakuja kwa WhatsApp likiwa na jina `kivuko_final2.jpg`, piseli 1,600 kwa 1,067. WhatsApp ukiituma kama picha ya kawaida huipunguza na kuifuta metadata, kwa hiyo humo ndani hakuna cha kusoma. Tumeshasema mara nyingi: tuma kama hati, maana hati inafika ilivyo. Msanifu wa ukurasa ananijibu kwa simu, "Dada, ni pembeni tu pameongezwa ili ikae vizuri. Watu kwenye foleni si walikuwepo?"

Walikuwepo, lakini si hao.

Nilichofanya kinaweza kufanywa na yeyote mwenye faili mama. Nimeikata nakala yangu ibaki mraba wa 4,000 kwa 4,000, ile sehemu iliyotumika. Nimeipunguza iwe 1,067 kwa 1,067, nikaiweka juu ya upande wa kushoto wa picha iliyotumwa, kisha tabaka hilo la juu nikaliweka kwenye hali ya `Difference`. Programu inatoa picha moja kutoka nyingine. Palipo sawa panakuwa peusi, palipobadilishwa panang'aa. Usitegemee weusi kamili, kwa sababu faili la JPEG likihifadhiwa upya linaacha vumbi hafifu kila mahali. Tafuta doa lenye umbo. Na tabaka mbili zikiwa hazijalingana hata kwa piseli moja, kingo zote zitang'aa na utamshtaki mtu bure, kwa hiyo nimezisogeza piseli moja moja hadi kingo za nguzo zilipozimika.

Yakabaki maeneo mawili. Moja ni ukanda mwembamba kwenye kiungo, pale programu ilipochanganya ya kweli na ya kubuni. La pili sikulitarajia: doa chini kushoto, ukubwa wa kidole gumba. Kwenye faili mama pale pana pipa la taka. Kwenye picha iliyochapishwa pana sakafu safi. Hilo la pipa msanifu hakulitaja kabisa.

Upande wa kulia hauna cha kulinganishwa nacho, kwa sababu kamera haikuupiga. Theluthi nzima ya picha imebuniwa. Nimeikuza na kuisoma taratibu. Nimehesabu vichwa 14 visivyo vya mtu yeyote. Mama mmoja kati ya hao amejifunga kanga, na kila anayesoma hapa anajua kanga ina jina lake, lile andiko la chini. Kwenye kanga hii kuna alama zinazofanana na herufi, zimepangwa vizuri kwenye mstari, na hazisomeki kuwa neno lolote. Pindo lake linaishia katikati ya goti. Kwa mbali huwezi kuliona hilo hata kidogo, ndiyo maana maelfu wanaoitazama kwenye simu hawana kosa.

Nimemwambia kaka yetu kwa upole, lakini nimemwambia: habari inahusu wingi wa watu, nasi tumeongeza watu. Kama ingekuwa anga limeongezwa bado ingekuwa makosa kwenye picha ya habari. Hii imegusa kile kile kinachoripotiwa.

Ananiambia ni kidogo. Nikamkumbusha Machi 2024, picha ya familia ya Binti Mfalme wa Wales, Uingereza. Mashirika ya habari ya AP, Reuters na AFP yaliiondoa kwa wateja wao, na moja ya kasoro zilizotajwa ni ukingo wa mkono wa sweta ya binti yake Charlotte usiolingana.

Mchana, sikumbuki saa

Nimehitaji faili lenye tabaka. Kwenye Photoshop, kazi ya `Generative Fill`, ile inayobuni sehemu ya picha, inakaa kwenye tabaka lake, na maneno iliyoandikiwa programu yanabaki humo. Ukiyaunganisha matabaka, ushahidi umepotea. Msanifu alikuwa ameshaunganisha, lakini nakala moja ilibaki kwenye kompyuta nyingine na mwenye funguo alikuwa kiwandani. Nimengoja. Chai imepoa mara mbili. Lilipofika, daftari lilipata mistari miwili kamili: kuongeza upande wa kulia, kuondoa pipa.

Mhariri naye anauliza tutaweka nini, maana nafasi ni ya picha ya kulala. Nimemkatia ile ile ya kamera: piseli 4,000 kwa 2,250, umbo la 16 kwa 9, na ukurasa wetu unahitaji upana wa 1,600 tu. Haikuhitaji kuongezwa chochote tangu asubuhi.

Picha mbaya haikubadilishwa kimyakimya. Chini ya mpya tumeandika: "Picha iliyokuwa hapa kuanzia saa 6:10 hadi 6:52 mchana iliongezwa watu na sehemu ya gati, na kuondolewa pipa la taka, kwa programu ya akili mnemba. Watu hao hawakuwepo. Picha hii imepigwa na kamera na imekatwa tu juu na chini." Wengine husema akili unde. Tumia neno ambalo wasomaji wako wanalijua, lakini taja kilichobadilishwa. Lebo ya "picha kwa hisani ya teknolojia" haimsaidii mtu.

Jioni

Ile mbaya siifuti. Mtu akiuliza mwakani tulichapisha nini, lazima niweze kumwonyesha. Ila siiachi ghalani bila alama, isije ikaokotwa tena.

Lebo nimeiweka mahali patatu, kwa sababu kila mahali pana namna pake pa kupotea. Maelezo ya chini hupotea mtu akipiga picha ya skrini. Metadata hupotea kwenye WhatsApp. Maandishi juu ya picha hukatwa kama yako pembeni. Kwa hiyo ukanda mweupe wenye herufi nyeusi nimeuweka juu ya ile sehemu ya kubuni yenyewe. Anayetaka kuukata ukanda atawakata na wale watu 14.

Kwenye metadata kuna sehemu maalumu ya IPTC, shirika la viwango vya vyombo vya habari, inayosema picha ilizaliwaje:

```
exiftool "-XMP-iptcExt:DigitalSourceType=http://cv.iptc.org/newscodes/digitalsourcetype/compositeWithTrainedAlgorithmicMedia" kivuko_imebadilishwa.jpg
```

Hiyo ni ya picha ya kweli iliyochanganywa na ya kubuni. Iliyobuniwa yote ni `trainedAlgorithmicMedia`, na ya kamera ni `digitalCapture`.

Saini ya C2PA, ule mfumo wa kuonyesha asili ya picha na marekebisho yake ulioanzishwa 2021, naiweka mwisho kabisa. Mara mbili watu wamesaini kwanza kisha wakaandika metadata, na saini ikasoma kwamba faili limeguswa, kwa sababu kweli limeguswa. Saini hiyo inaonyesha nani amesaini na marekebisho gani yametajwa. Haithibitishi kwamba tukio ni la kweli, na picha isiyo nayo si lazima iwe ya uongo.

Macho yanauma. Diski ya tatu, ile inayolala nje ya jengo, imekaguliwa: mistari 412, yote `OK`. Mstari wa mwisho wa daftari la leo: kivuko, faili mama halijaguswa, hashi ni ile ile ya saa 12:48 asubuhi.