Barua ya madai ilipomfikia mdhamini: nilivyochambua mtaji uliobaki na riba ya adhabu

Mkopo niliodhamini ulikuwa wa 1,200,000, wa miezi 12. Kila mwezi mkopaji alitakiwa kurejesha mtaji wa 100,000, pamoja na riba ya asilimia 1.5 ya salio la mtaji. Alilipa marejesho matano, kisha akaacha. Barua ya madai ilitoka siku rejesho la 10 lilipoiva, ikinidai 903,354 kama jumla moja, bila mchanganuo wowote. Ndivyo barua hizi zinavyoandikwa mara nyingi, na mdhamini akishaona tarakimu moja kubwa huanza kubembeleza apunguziwe kabla hajajua anadaiwa nini hasa.

Sikujibu hoja yoyote ya barua ile kabla ya kupata karatasi tatu. Niliomba kwa maandishi nakala ya mkataba wa mkopo, hati ya udhamini niliyosaini, na taarifa ya akaunti ya mkopo tangu siku fedha zilipotolewa. Taarifa ndiyo yenye maneno. Inaonyesha kila malipo yaliingia lini, yaligawanywa vipi, na adhabu ilianza kuandikwa tarehe gani. Ukipewa ukurasa mmoja wa salio la leo, urudishe, hausaidii kitu.

Mtaji haukuwa na ubishi. Marejesho matano ya 100,000 yameondoa 500,000, kwa hiyo zimebaki 700,000. Riba ya kawaida nayo ni nyepesi kuhakiki: mtaji ukisimama kwenye 700,000, kila mwezi unazaa 10,500. Kuanzia rejesho la 6 hadi la 10 ni miezi mitano, yaani 52,500. Hadi hapo nilikuwa na 752,500, na mkopeshaji alikuwa na tarakimu hiyohiyo. Tofauti yote ilikaa kwenye adhabu.

Mkataba ulisema adhabu ni asilimia 5 kwa mwezi ya “mtaji wa rejesho lililochelewa”. Maneno hayo manne yana thamani kubwa. Yanamaanisha adhabu inahesabiwa juu ya kile kilichoiva na hakikulipwa, si juu ya mkopo mzima. Siku ya barua, rejesho la 6 lilikuwa limechelewa miezi minne, la 7 miezi mitatu, la 8 miwili, la 9 mmoja, na la 10 ndiyo kwanza limeiva. Jumlisha: 4 na 3 na 2 na 1 ni 10. Kila mwezi wa kuchelewa kwa rejesho moja ni 5,000, kwa hiyo adhabu yote ni 50,000. Deni halali likawa 802,500.

Mkopeshaji alipataje 903,354? Nilitoa 752,500 kwenye dai lake nikabaki na 150,854, halafu nikajaribu njia za kufikia namba hiyo. Ya kwanza ilikubali. Alichukua asilimia 5 ya 700,000 nzima, akapata 35,000, akaiongeza kwenye salio, mwezi uliofuata akatoza asilimia 5 ya 735,000, na kuendelea hivyo kwa miezi minne. Kuna makosa mawili ndani yake. Msingi wa hesabu si ule wa mkataba, na adhabu imewekewa adhabu bila kifungu kinachoruhusu. Ukitaka kulitambua hilo bila kikokotoo, tazama safu ya adhabu kwenye taarifa. Adhabu ya marejesho yaliyochelewa hupanda kwa hatua sawa: 5,000, 10,000, 15,000, 20,000. Ile ya kulimbikiza huanza juu na kila hatua huwa kubwa kuliko iliyotangulia: 35,000, 36,750, 38,588, 40,517.

Mkopeshaji ana jibu moja lenye nguvu hapa, nalo ni kifungu cha kuitisha mkopo wote. Mikataba mingi humruhusu, mkopaji akishindwa, kutangaza kwamba mtaji wote uliobaki umeiva mara moja. Akishafanya hivyo, 700,000 yote inakuwa imechelewa, na adhabu ya mwezi inakuwa 35,000. Lakini tangazo lazima lifanywe kama mkataba unavyotaka, na tarehe yake ndiyo inayohesabika. Kwangu, barua ya madai ndiyo iliyokuwa tangazo la kwanza. Mkopeshaji hakuweza kuirudisha nyuma hadi rejesho la 6. Kwa upande mwingine, kuanzia siku ile saa ilikuwa inakimbia kwa kasi mpya, hivyo kuchelewa kujibu kungenigharimu kuliko ubishi wenyewe.

Baadhi ya wadhamini hukimbilia kulipa kiasi fulani ili “kupunguza deni”. Soma kwanza mpangilio wa mgawanyo wa malipo. Kwa kawaida fedha huanza kufidia gharama, kisha adhabu, kisha riba, na mtaji huwa wa mwisho. Ningetoa 200,000 bila maelekezo, 102,500 zingemezwa na adhabu na riba, na mtaji ungeshuka hadi 602,500 tu. Kwa hesabu ya mkopeshaji ingekuwa mbaya zaidi: mtaji usingeshuka hata kidogo. Ndiyo maana nilipeleka pendekezo la maandishi la kumaliza kwa mkupuo mmoja, nikiambatanisha jedwali la hesabu mwezi kwa mwezi: nalipa mtaji wote na riba yote ya kawaida, 752,500, na adhabu inafutwa. Adhabu ndiyo sehemu ambayo mkopeshaji huiachia kwa urahisi, kwa sababu mkopo ukishakuwa chechefu mara nyingi riba zake hazihesabiwi tena kama mapato hadi zilipwe. Kuomba apunguze mtaji ni habari nyingine, na kwa kawaida jibu ni hapana. Pendekezo langu mkopeshaji alilikubali.

Hati ya udhamini niliisoma kwa jambo moja hasa: ukomo. “Hadi 800,000 pamoja na riba na gharama” inaweza kusomeka kwamba kila kitu kimo ndani ya 800,000, au kwamba riba inapanda juu yake. Yangu ilisema “jumla ya madai yote isizidi 800,000”, kwa hiyo hata 903,354 ingekuwa sahihi, mimi nisingevuka hapo. Kama hati yako haina ukomo, umedhamini mtaji, riba, adhabu na hata gharama za wakili wa mkopeshaji.

Malipo niliyafanya kwa akaunti ya mkopo yenyewe, si kwa mkononi, na nikadai barua yenye mambo matatu: kwamba deni limekwisha, kwamba aliyelipa ni mdhamini, na kwamba dhamana za mkopaji zinakabidhiwa kwangu. Hilo la pili watu hulidharau. Risiti ikiandikwa kwa jina la mkopaji, unakosa ushahidi wa kumdai, na dhamana yake inaweza kurudishwa kwake wakati wewe ndiye mwenye haki ya kuishika badala ya mkopeshaji.

Tulikuwa wadhamini watatu, na tulisaini kwa pamoja na kila mmoja peke yake, ndiyo maana mkopeshaji alinifuata mimi pekee kwa deni zima. Baina yetu, hata hivyo, mzigo ni wa watu watatu sawasawa: 250,833 kila mmoja. Wenzangu wawili niliwaandikia nikidai mafungu yao kwa kiasi nilicholipa kweli, si kwa 903,354 ya barua, na kila kitakachopatikana kwenye dhamana ya mkopaji kitagawanywa kwa uwiano huohuo.