Visa ya mchumba: picha za posa zilizonichelewesha na siku 90 zilizogongana na Ramadhani

Wa kwanza kunipotosha alikuwa wakala mmoja wa makaratasi hapa Tanga. Aliniambia tufunge nikaha kwanza, halafu niombe visa ya mchumba, eti wakiona shehe na mahari wataamini haraka. Bado namkasirikia. Visa hiyo ya mchumba, ambayo Marekani wanaiita K-1, ni ya mtu ambaye hajaolewa. Ukishafunga nikaha Tanzania, ndoa hiyo inatambuliwa kisheria, umekuwa mke, na mke anaombewa kwa njia nyingine kabisa.

Mchumba wangu ni mzaliwa wa Tanga mwenye uraia wa Marekani, anaishi Houston. Uraia ndio uliotufungulia njia hii, kwa sababu mwenye green card hawezi kumwombea mchumba. Alijaza fomu ya kumwombea mchumba, I-129F, ambayo inataka muwe mmeonana uso kwa uso ndani ya miaka 2 kabla ya kuituma. Simu za video hazihesabiwi kuwa kuonana. Alikuwa amekuja kwetu wiki tatu mwaka 2021, tukawa na mihuri ya pasipoti, tiketi na picha. Kila mmoja wetu aliandika pia barua ya kutamka kwamba yuko huru na atafunga ndoa ndani ya siku 90 baada ya mimi kuingia. Vipimo vya afya na fomu ya udhamini havikunisumbua. Gharama zote pamoja na nauli zilikula milioni kadhaa.

Kilichonisumbua ni picha nilizozipenda kuliko zote. Siku ya kuleta kishika uchumba nilipambwa hina mpaka viwikoni, yeye kavaa kanzu na koti, na katikati yetu ameketi shehe wa mtaa, aliyealikwa kusoma dua tu. Mbele yao kulikuwa na sinia la khanga, udi na bahasha. Niliiweka picha hiyo juu kabisa ya faili. Kwenye mahojiano ofisa aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Huyu alikuwa anawafungisha ndoa?" Nikajibu hapana, ni posa. Akauliza kwa nini basi kuna shehe na pesa. Nilieleza, lakini maneno matupu hayakutosha. Nikapewa karatasi yenye kifungu 221(g), maana yake visa haijatoka mpaka nilete uthibitisho zaidi. Nililia kwenye daladala njia nzima.

Baba mdogo ndiye aliyeniokoa. Alikuwa ameihifadhi barua ya posa pamoja na nakala ya majibu yetu, na ndani yake tumeandika wazi kwamba posa imekubaliwa na nikaha itafuata baadaye. Tukazitafsiri kwa Kiingereza. Shehe naye akaandika kwamba siku ile hakuna ijabu wala kabuli iliyosemwa, wala mahari kukabidhiwa, na hakuna cheti cha ndoa alichotoa. Nikaambatanisha na hati ya kuthibitisha kwamba sina ndoa iliyosajiliwa. Baada ya wiki kadhaa pasipoti ikarudi na visa. Kama una picha za posa, ziambatanishe na maelezo ya kila tukio tangu mwanzo, msomaji wake hajui kwamba kwetu uchumba una shehe.

Niliingia Houston Januari 2023. Siku hiyohiyo tulifungua mtandaoni I-94, yaani rekodi ya kuingia kwangu nchini, tukaona tarehe ya mwisho ni mwanzoni mwa Aprili. Shangazi zangu wakapiga simu wakitaka harusi iwe baada ya Idi, wao wapate kuja. Ramadhani ya mwaka huo ilianza Machi 23, na Idi ikaangukia Aprili 21 au 22. Siku 90 haziongezwi, na zikipita kabla ya ndoa huwezi kubadilisha K-1 iwe visa nyingine, unatakiwa kuondoka. Mama alitaka kuwasikiliza shangazi, nami sikukubali.

Februari tulichukua leseni ya ndoa kwa karani wa kaunti. Texas inataka saa 72 zipite kati ya leseni na ndoa, kwa hiyo anayengoja wiki ya mwisho anajitafutia balaa. Imamu wa msikiti wa jirani alitufungisha nikaha mbele ya watu tisa, akasaini leseni ileile, kwa sababu nikaha isiyo na leseni ingetuacha bila cheti cha kaunti cha kuonyesha. Keshoye asubuhi mume wangu aliirudisha leseni kwa karani kwa mkono wake, tukachukua nakala tatu zilizogongwa muhuri. Moja iliingia kwenye bahasha ya fomu I-485 ya kuomba ukaazi, iliyotumwa Machi. Walima ilifanyika baada ya Idi, na shangazi wawili walikuja.